Sura Tatu Kutoka Tasnifu Moja: Ipi Ilihitaji Utangulizi Mpya na Ipi Hitimisho Jipya

Tasnifu yangu ya uzamivu ilihusu manamba wa Njombe, yaani wanaume waliotoka katika vijiji vya Ubena na maeneo jirani kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Nilianzia mwaka 1944, wakulima wakubwa wa mkonge walipounda ofisi ya pamoja ya kuandikisha vibarua iliyojulikana kama SILABU, nikaishia mwaka 1967, mashamba mengi makubwa ya mkonge yalipotaifishwa. Kazi nzima ilikuwa na sura saba na maneno yapatayo elfu themanini na tano. Sura ya Kwanza ilikuwa utangulizi, ya Pili mapitio ya kazi tangulizi pamoja na nadharia, na ya Tatu mbinu za utafiti. Sura ya Nne ilieleza uandikishaji, ya Tano ilihusu kaya zilizobaki nyuma, na ya Sita ilifuatilia fedha zilizorudi kijijini. Ya Saba ilikuwa hitimisho na mapendekezo.

Nilipoanza kufundisha Iringa nilitaka sura hizo za katikati ziwafikie wanahistoria ambao hawatafunga safari kwenda kufungua tasnifu katika maktaba ya chuo. Kila moja ilikuwa na maneno kati ya elfu kumi na tano na elfu kumi na nane, wakati majarida niliyoyalenga yanapokea makala za maneno elfu nane au tisa, tanbihi zikiwamo. Mtu akitazama hesabu hiyo atadhani kazi iliyopo ni kupunguza kurasa. Kupunguza kulikuwapo, lakini hakukuwa kazi ngumu kuliko zote. Ugumu ulitokana na ukweli kwamba kila sura iliandikwa kwa ajili ya msomaji aliyekwisha kuzisoma zile zilizotangulia na anayetarajia kusoma zitakazofuata. Msomaji wa makala hana chochote mkononi isipokuwa kurasa zile zile alizofungua.

Kuhusu sura za mwanzo na ya mwisho uamuzi ulikuwa mwepesi. Mapitio ya kazi tangulizi yaliandikwa kuwathibitishia watahini kwamba nimesoma, na jarida halichapishi uthibitisho wa aina hiyo. Niliyagawa mafungu, kila makala ikachukua kazi zile tu inazojadiliana nazo moja kwa moja. Sura ya mbinu nayo niliigawa vivyo hivyo, kila makala ikabeba aya moja inayoeleza vyanzo vyake yenyewe: majalada yapi ya Nyaraka za Taifa, usaili wa watu gani, na katika vijiji vipi. Sura ya Saba haikuzaa makala, ila baadhi ya aya zake zilinifaa sana, kama nitakavyoeleza.

Kabla ya kuamua lolote kuhusu utangulizi na hitimisho, nilizisoma sura tatu za katikati nikiwa na penseli, nikaweka alama kila mahali ambapo sura iliegemea kitu kilicho nje yake. Alama zilikuwa nyingi kuliko nilivyotarajia, lakini hazikuwa na uzito mmoja. Baadhi zilihusu taarifa tu, kama pale nilipoandika kwamba kodi ya kichwa ilikwisha kuelezwa katika sura iliyotangulia. Utegemezi wa namna hiyo huondolewa kwa sentensi moja au tanbihi. Nyingine zilihusu istilahi. Kipande, kwa mfano, nilikifafanua mara moja tu katika Sura ya Nne, kwamba ni kadi iliyoandikwa siku za kazi za kibarua mpaka zitimie 30 ndipo alipwe, na baada ya hapo nikaendelea kulitaja neno bila maelezo. Hilo nalo linaponywa palepale linapotokea. Aina ya tatu ndiyo iliyonishughulisha, nayo ni sura kutegemea swali lililoulizwa mahali pengine. Nikiondoa Sura ya Kwanza na ya Pili, je, sura hii bado inajua inatafuta nini? Ikiwa haijui, hakuna sentensi ya kuongeza itakayoitengeneza, na utangulizi wote lazima uandikwe upya.

Aina hii ya tatu ni vigumu kwa mwandishi mwenyewe kuiona, kwa sababu swali analo kichwani na hulisoma hata pale ambapo halikuandikwa. Kwa hiyo nilimpa Sura ya Tano ndugu mmoja anayefanya utafiti wa viazi kule Uyole, Mbeya, msomaji makini asiye na uhusiano wowote na historia ya mkonge. Sikumpa sura nzima. Nilimpa kurasa mbili za mwanzo na mbili za mwisho, nikamwomba aniambie kwa sentensi moja sura inauliza nini na inajibu nini. Aliponipigia simu alisema, “Dada, nimeona umepanga kuzungumzia kazi, ardhi na uhusiano wa ndani ya kaya. Hayo ni mambo matatu. Swali lenyewe ni lipi?” Kuhusu kurasa za mwisho alisema anaelewa kwamba sura inayofuata itahusu fedha. Majibu hayo mawili yalitosha kunionesha kwamba Sura ya Tano ilihitaji kuandikiwa pande zote mbili.

Utangulizi wake wa zamani ulikuwa hivi: “Sura iliyotangulia ilieleza namna uandikishaji wa vibarua ulivyofanyika. Sura hii inajadili athari za uhamaji huo kwa kaya zilizobaki. Sehemu ya kwanza inaeleza mgawanyo wa kazi, sehemu ya pili matumizi ya ardhi, na sehemu ya tatu uhusiano ndani ya kaya.” Kwa mtahini utangulizi huu unafaa kabisa, maana yeye amekwisha kusoma swali kuu na anachotaka kujua ni mahali alipofika. Kwa mhariri wa jarida ni ratiba tu. Hauelezi wanahistoria wengine wamesema nini kuhusu kaya hizo wala mimi ninakubaliana nao au ninapingana nao wapi, na neno “athari” linaweza kubeba chochote.

Jibu lenyewe nilikuwa nalo, ila lilikaa mwishoni kabisa mwa sehemu ya tatu, katika aya ambayo msomaji angeifikia baada ya maneno elfu kumi na nne. Ndivyo tasnifu nyingi zinavyojengwa: mwandishi anaonesha ushahidi hatua kwa hatua, na hoja hujitokeza mwishoni kama tunda la kazi yote. Katika makala hoja hukaa ukurasa wa kwanza au wa pili, na ushahidi huja kuitetea. Kwa hiyo nililichukua hitimisho la sehemu hiyo ya tatu nikalipeleka mbele. Utangulizi mpya ulianza na vinyungu, bustani za mabondeni ambazo watu wa Iringa na Njombe hulima wakati wa kiangazi kwa kutegemea unyevu unaobaki ardhini. Wanawake niliowasaili walieleza kwamba, waume zao walipokuwa Tanga, shamba la mlimani lilipungua kwa kukosa mikono ya kuvunja ardhi, lakini kinyungu kilipanuliwa, na mavuno yake yakawa chini ya uamuzi wao. Mume aliporudi, lililokuwa na ubishi halikuwa kazi tena bali ni nani aseme kuhusu mazao ya bondeni.

Baada ya aya hiyo niliweka aya mbili tu za mjadala. Wanahistoria wa uhamaji wa vibarua Afrika wamekuwa na hoja yenye nguvu kwamba kijiji kiliufadhili mshahara mdogo wa shambani: wanawake walilisha watoto, waliwatunza wazee na kumpokea mgonjwa aliyerudi, na hivyo mwenye shamba hakulazimika kulipa ujira unaotosha familia nzima. Sikuipinga hoja hiyo, kwa kuwa ushahidi wangu uliiunga mkono. Nilichosema ni kwamba inakiacha kijiji kikionekana kana kwamba kilibeba mzigo bila chenyewe kubadilika, na kwamba vinyungu vinaonesha badiliko lililotokea wakati mzigo huo huo ukibebwa. Sentensi hiyo moja ndiyo iliyokuwa ikikosekana katika sura ya zamani. Ilipokwisha kuandikwa, sehemu ya kwanza ya sura, ile ya mgawanyo wa kazi, ilipungua kwa zaidi ya nusu bila kunipa shida, kwa sababu nilijua ni vipengele vipi vinaihudumia hoja na vipi vilikuwapo kwa ajili ya ukamilifu wa tasnifu.

Hitimisho la Sura ya Tano nililiandika kabla ya kuukamilisha utangulizi, na kwa uzoefu wangu mpangilio huo unafaa zaidi. Mtu akianza na utangulizi huwa anaahidi mambo ambayo ushahidi hauwezi kuyalipa. Akianza na hitimisho analazimika kuuliza ushahidi umemfikisha wapi, kisha anaahidi hicho tu. Hitimisho la zamani lilikuwa na sehemu mbili: muhtasari wa yale yaliyokwisha kusemwa, na daraja la kumvusha msomaji kwenda sura inayofuata. Daraja nililifuta lote. Muhtasari niliubakiza kwa sentensi tatu. Nafasi iliyopatikana niliijaza kwa mambo mawili ambayo katika tasnifu yalikuwa mbali sana na sura hii.

La kwanza lilitoka Sura ya Saba, yaani maana pana ya matokeo. Msomaji anayechunguza vibarua wa migodini au wa mashamba ya miwa katika nchi nyingine hana haja ya kujua zaidi kuhusu Njombe. Anataka kujua kama kuna swali ambalo sasa anapaswa kuliuliza katika eneo lake. Niliandika kwamba mahali ambapo wanaohama ni wanaume na kuna ardhi ya kilimo cha kiangazi inayoweza kulimwa kwa jembe la mkono, inafaa kutazama nani alishika uamuzi wa mazao ya ardhi hiyo. La pili lilitoka Sura ya Kwanza, kwenye kifungu cha mipaka ya utafiti. Katika tasnifu mipaka hiyo hutajwa mara moja mwanzoni na kuilinda kazi nzima. Makala ikikatwa kutoka humo, ulinzi huo haupo tena. Usaili wangu ulikuwa wa vijiji vya Ubena, na wanawake waliokuwa hai kusimulia walikuwa vijana sana wakati wa miaka ya 1950. Wapo pia manamba waliokwenda na wake zao, na kaya za namna hiyo sikuzifuatilia. Hayo nililazimika kuyasema ndani ya hitimisho, ili mtu asije akachukua maneno yangu na kuyatumia kwa Ukinga au kwa Songea kana kwamba nimefika huko.

Sura ya Sita ilikuwa na hali tofauti. Ilifuatilia fedha za manamba baada ya kodi kulipwa: mahari, ng'ombe, mabati, na kwa baadhi ya watu miche ya miwati. Kampuni ya miwati ilipoanzishwa Njombe mwishoni mwa miaka ya 1940, magome yalipata soko karibu, kwa kuwa ndiyo yanayotoa tanini ya kutengenezea ngozi. Hoja yangu ilikuwa kwamba, kwa familia nilizozichunguza, mti ulikuwa akiba iliyopunguza haja ya kwenda tena Tanga. Sura hii niliwahi kuiwasilisha kwenye kongamano kabla tasnifu haijakamilika, na utangulizi wake uliandikwa kwa ajili ya wasikilizaji wasiojua chochote kuhusu sura nyingine. Ndugu yangu wa Uyole alipozisoma kurasa mbili za mwanzo alisema mara moja, “Unauliza kwa nini mtu aliyepata fedha taslimu anunue miti itakayokomaa baada ya miaka mingi.” Swali lilikuwapo, na lilikuwa la sura yenyewe. Utangulizi huo niliugusa kidogo tu: nikafafanua kipande na SILABU, nikaondoa sentensi zilizoitaja Sura ya Tano, nikaongeza aya ya vyanzo.

Hitimisho lake ndilo lililohitaji kuandikwa upya, kwa sababu, sura hiyo ikiwa ya mwisho yenye data, lilikuwa limebebeshwa kazi ya kuzifunga sura zote tatu. Lilizungumzia uandikishaji, likazungumzia wanawake, likafika kwenye miwati katika aya ya nne. Kuna alama rahisi ya kulitambua hitimisho la namna hii. Ukichukua kila sentensi yake na kuuliza ushahidi wake uko ukurasa gani wa makala hii, utakuta sentensi ambazo ushahidi wake haumo kabisa. Nilifanya hivyo kwa kila sentensi, na zile zisizo na ukurasa zikatoka hata kama zilikuwa za kweli na nilizipenda. Zilizobaki zilikuwa chache, zote zikihusu fedha na miti, na juu ya hizo nikajenga hitimisho jipya fupi.

Katika kulinganisha makala hizi mbili lilijitokeza jambo la mama mmoja mzee, ambaye simulizi yake nilikuwa nimeitumia katika Sura ya Tano na ya Sita pia. Ndani ya tasnifu hakuna ubaya. Katika makala mbili zinazojitegemea, msomaji akikuta kisa kile kile kikibeba uzito ule ule, ana haki ya kujiuliza kama hii si kazi moja iliyokatwa vipande ili ihesabike kuwa mbili. Nilijipima kwa kuandika hoja ya kila makala kwa sentensi moja na kuweka chini yake vyanzo vitano vinavyoibeba zaidi. Hoja zilitofautiana na vyanzo vilipishana, isipokuwa kisa cha mama huyo. Nilikiacha katika makala ya vinyungu, na katika ile ya miwati nikakitaja kwa sentensi moja tu. Kama hoja mbili zingekuwa moja, ningeziunganisha makala, hata kama idadi ingepungua.

Sura ya Nne ndiyo niliyoifikiria kwa muda mrefu zaidi. Ilikuwa nzuri kwa maelezo, ikifuata njia ya kibarua kutoka kituo cha uandikishaji hadi shambani, tofauti kati ya mwenye mkataba aliyesafirishwa kwa gharama ya mwajiri na yule aliyejiendea mwenyewe, na masharti ya kila mmoja. Lakini nilipotafuta sentensi moja ya hoja sikuipata. Mengi yaliyomo yanajulikana kwa wanahistoria wa mkonge. Mchango wangu ulikuwa kuonesha yalivyofanyika katika wilaya moja. Sura ya namna hii ikiandikiwa utangulizi wenye madai makubwa, wapitiaji wa jarida watagundua kwamba mwili wa makala haufanani na kichwa chake. Nikaamua isiende kwenye jarida. Niliitoa kwa wahariri waliokuwa wakikusanya sura za kitabu kuhusu historia ya kazi, na huko mahitaji ya utangulizi yalikuwa kinyume na yale ya jarida. Utangulizi wa kitabu, ulioandikwa na wahariri, ulikwisha kueleza historia ya jumla ya uandikishaji, kwa hiyo wangu ulipungua ukabaki aya mbili, moja ikiiweka Njombe mahali pake na nyingine ikiifungamanisha sura na swali la kitabu. Hitimisho la zamani lilibaki karibu lilivyokuwa, kwa kuwa lilikuwa limejifunga kwenye wilaya na halikudai zaidi.

Kipo kipengele kimoja kilichohitajika kote, nacho ni usuli. Msomaji wa kila kazi alipaswa kujua kwamba mkonge uliletwa wakati wa Wajerumani, mwaka 1893, kwamba baada ya muda mashamba yalihitaji vibarua kutoka mbali, na kwamba SILABU ilianza mwaka 1944. Kunakili aya ile ile mara tatu ni kujinakili, na programu za kukagua ulinganifu wa maandishi huionesha mara moja. Lakini sababu nzito zaidi ni kwamba usuli mmoja hauwezi kuzifaa hoja tatu. Katika makala ya vinyungu niliuandika kwa kutazama nani aliondoka na katika majira gani ya kilimo. Katika ile ya miwati niliuandika kwa kutazama ujira na namna ulivyolipwa. Katika sura ya kitabu nilitazama ofisi na njia. Ukweli ni ule ule, lakini kila aya iliandikwa kutoka mwanzo bila kuifungua iliyotangulia.

Mwisho, kila kazi ilibeba tanbihi ya kwanza inayosema kwamba imetokana na tasnifu, ikitaja sura yake, na barua kwa mhariri ilieleza tasnifu inapatikana wapi na makala imebadilika kwa kiasi gani. Wahariri wengi hawaihesabu tasnifu iliyowekwa katika hazina ya chuo kuwa chapisho la awali, lakini si wote, na ni wao wanaoamua. Kwa hiyo niliwauliza kabla ya kutuma. Nilimwuliza pia msimamizi wangu wa zamani kuhusu kitabu, kwa kuwa ningali na nia ya kukiandika. Alinijibu, “Mwanangu, ukizitoa zote tatu jaridani, mchapishaji atauliza kimebaki nini cha kununua.” Ndiyo maana sehemu ya Sura ya Tano inayohusu waume waliorudi na kudai vinyungu, ambayo niliiondoa kwenye makala kwa ajili ya urefu, sijaitafutia jarida. Nimeiweka kando pamoja na usaili ambao haukutumika, iwe kiini cha sura mpya.